Swali Linaloweza Kuuona Unyanyapaa Hospitalini

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuandika tasnifu kuhusu unyanyapaa wa wahudumu wa afya kwa wagonjwa wenye saikosisi huanza, mara nyingi, na swali moja kubwa: je, wahudumu wa afya wana mtazamo gani kuhusu wagonjwa hawa? Swali linasikika vizuri na linaingia kwenye hojaji bila shida. Kasoro yake ni kwamba majibu yanajulikana hata kabla hojaji haijachapishwa. Muuguzi aliyesoma anajua anachopaswa kusema. Ukimuuliza kama mgonjwa wa akili anastahili kuheshimiwa kama wagonjwa wengine, atakujibu ndiyo, na huenda anaamini hivyo kwa dhati.

Sasa tuangalie kinachoweza kutokea saa mbili baadaye katika hospitali hiyohiyo. Kijana anayetibiwa saikosisi anaingia chumba cha tabibu akisindikizwa na kaka yake. Anasema tumbo linamuuma tangu juzi, na kwamba kuna nyoka anajikunja ndani. Tabibu anamgeukia kaka. "Dawa anameza? Usiku analala?" Kaka anasema juzi alikosa usingizi. Tabibu anaandika kwenye faili kwamba dalili za ugonjwa wa akili zimerudi, anaongeza dozi, anaita anayefuata. Hakuna aliyetukana wala kucheka. Lakini tumbo halikuguswa, joto halikupimwa, na mwenye maumivu hakuulizwa chochote.

Wataalamu wanaijua hali hii: kila anacholalamikia mgonjwa kinasomwa kupitia ugonjwa wake wa akili, na maradhi ya mwili yanafichika chini yake. Madhara yake ni makubwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na maradhi ya mwili yanayoweza kuzuilika. Sababu ni nyingi, zikiwemo umaskini, sigara na athari za dawa zenyewe, lakini tumbo lisiloguswa ni mojawapo.

Tasnifu iliyojengwa juu ya lile swali la mtazamo haitamwona tabibu huyu. Itamhesabu miongoni mwa wenye mtazamo mzuri. Ndiyo maana sura ya maswali ya utafiti na kiunzi cha nadharia, ambayo wanafunzi wengi huiandika kwa haraka ili waingie kwenye takwimu, ndiyo inayoamua utafiti utaona nini na utakosa nini.

Kuchagua jicho la kutazamia

Saikosisi ni hali ya akili kupoteza mshiko wa uhalisia. Mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushikilia imani isiyotikisika kwamba anafuatiliwa au amewekewa kitu mwilini. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yanayoileta. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani alikuwa anaishi na skizofrenia. Saikosisi huja pia kwa njia nyingine, kama ugonjwa wa hisia mseto, dawa za kulevya, homa kali inayofika kwenye ubongo, au siku za mwanzo baada ya kujifungua. Mtafiti anapaswa kueleza mapema anazungumzia saikosisi ipi, kwa sababu mhudumu humchukulia mama aliyetoka kujifungua tofauti kabisa na kijana anayesemekana aliharibiwa na bangi.

Baada ya hapo anahitaji nadharia. Nadharia katika tasnifu ina kazi maalumu: inamwambia mtafiti atafute nini, mahali gani, na ategemee kukuta nini. Ikiwa imetajwa kwenye ukurasa mmoja na haionekani tena, haikuwa na kazi.

Wengi huanza na Erving Goffman, mwanasosholojia aliyechapisha kitabu chake kuhusu unyanyapaa mwaka 1963. Goffman aliuelezea unyanyapaa kama alama inayomshusha mtu hadhi machoni pa wengine, hata asionekane tena kuwa mtu kamili. Fikra hiyo bado ina nguvu, lakini kwa utafiti wa hospitalini ina upungufu: inamwangalia zaidi mwenye alama na namna anavyoibeba, kuliko mwenye kuipachika.

Mwaka 2001, Bruce Link na Jo Phelan walipendekeza mtazamo unaofaa zaidi kwa kazi hii. Kwao, unyanyapaa ni mambo kadhaa yanayokutana. Kwanza, tofauti fulani inapewa jina. Pili, jina hilo linafungamanishwa na sifa mbaya. Tatu, watu wanagawanywa kuwa sisi na wao. Nne, waliotengwa wanapoteza hadhi na kubaguliwa. Na yote haya hutokea pale ambapo upande mmoja una mamlaka juu ya mwingine.

Hilo la mamlaka ndilo linalofanya nadharia hii ifae hospitalini. Watoto wanaomzomea mtu barabarani wanampa jina baya, na siku ikiisha wanakwenda zao. Tabibu anapoandika jina kwenye faili, jina hilo linasafiri hadi kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mfamasia, na kwa daktari wa hospitali ya rufaa ambaye hajawahi kumwona mgonjwa. Tabibu ndiye anayeamua nani alazwe, nani apimwe na maneno ya nani yaaminiwe. Ukimsoma yule wa chumba kile kwa nadharia hii, unaona hatua zote nne zikipita kwa dakika chache bila neno baya hata moja. Kwa hiyo mtafiti anayemfuata Link na Phelan hawezi kutosheka na maoni. Nadharia yake inamlazimisha atafute matendo.

Kosa ni la nani?

Nadharia ya kwanza inaonyesha unyanyapaa unavyofanya kazi, ila haielezi kwa kina kwa nini mhudumu mmoja anakuwa mpole na mwenzake mkali kwa mgonjwa yuleyule. Hapo panahitajika nadharia ya pili, inayohusu jinsi watu wanavyotafuta chanzo cha jambo. Mwanasaikolojia Bernard Weiner aliijenga kwa ujumla wake, na Patrick Corrigan na wenzake wakaileta kwenye magonjwa ya akili. Mantiki yake ni nyepesi. Tukiamini mtu alijitakia, tunakasirika na kumnyima msaada. Tukiamini hakuwa na uwezo wa kuzuia, tunamhurumia na kumsaidia. Tukiamini ni wa hatari, tunaogopa, na woga unazaa kumkwepa au kumlazimisha.

Katika hospitali zetu nadharia hii inagusa pale penyewe. "Huyu ni bangi tu" ni hukumu kuhusu chanzo, na inabeba kosa ndani yake. Familia inayosema ni majini inatoa chanzo kingine, na si lazima kiwe kibaya zaidi kwa mgonjwa. Mtafiti wa Kimarekani Juli McGruder, aliyeishi na kufuatilia familia za watu wenye skizofrenia Zanzibar, aliona kwamba imani ya pepo iliweza kumwondolea mgonjwa lawama na kumbakiza ndani ya nyumba, kwa kuwa pepo huja na kuondoka na mtu hubaki kuwa mtu. Mwanafunzi asiwahi basi kuandika kwamba imani za jadi zinaleta unyanyapaa na elimu ya kisasa inauondoa. Hilo ni jambo la kupimwa.

Elimu ya kisasa nayo ina upande wa pili. Mwaka 2013, Erlend Kvaale na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kuwaeleza watu kwamba ugonjwa wa akili unatoka kwenye jeni au kwenye ubongo. Lawama zilipungua, kama nadharia ilivyotabiri. Lakini maelezo hayo yaliendana pia na kumwona mgonjwa kuwa wa hatari zaidi na mwenye tumaini dogo la kupona. Ukiamini ubongo umeharibika, huna sababu ya kumlaumu mwenye ubongo huo, na huna sababu ya kumtegemea apone. Mtafiti anayepima lawama peke yake atatangaza kwamba semina imefaulu, huku wauguzi wakiwa wamekata tamaa na wagonjwa wao kuliko mwanzo.

Kutoka swali moja hadi matatu

Sasa turudi kwenye lile swali kubwa na kulipasua. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti katika hospitali za wilaya nchini Tanzania, miongoni mwa matabibu, madaktari na wauguzi wanaofanya kazi za kawaida nje ya kitengo cha afya ya akili. Nadharia mbili alizochagua zinampa maswali matatu. La kwanza: je, mgonjwa mwenye saikosisi anapokuja na dalili za ugonjwa wa mwili, mhudumu anaamua tofauti na anavyoamua kwa mgonjwa mwingine mwenye dalili zilezile? La pili: je, tofauti hiyo inatokana na lawama, woga, au kukata tamaa? La tatu: je, aina ya uzoefu ambao mhudumu amewahi kuwa nao na watu wenye saikosisi inabadilisha maamuzi yake?

Swali la kwanza halijibiwi kwa kumuuliza mtu kama anabagua. Njia inayofaa ni kuandika kisa kifupi cha mgonjwa katika matoleo yanayotofautiana kwa jambo moja tu, kisha kuyagawa kwa bahati nasibu ili kila mhudumu asome toleo moja bila kujua kwamba kuna mengine. Kisa chenyewe kinaweza kuwa hivi: mwanamume wa miaka 34 amekohoa kwa wiki tatu, amepungua uzito, anatoka jasho usiku. Toleo la kwanza linaongeza kwamba anatumia dawa za presha kila mwezi. La pili linasema anachomwa sindano kila mwezi kwa ajili ya skizofrenia. La tatu ni kama la pili, ila linataja kwamba alivuta bangi kabla ya kuugua.

Kila toleo lina sababu yake. La presha lipo kwa sababu, kama tungemlinganisha mgonjwa wa akili na mtu asiye na ugonjwa wowote wa kudumu, tofauti ingeweza kuwa imetokana na uzito wa kubeba maradhi mawili na si na skizofrenia. La bangi limezaliwa moja kwa moja na nadharia ya chanzo: ikiwa lawama ndiyo kiini, toleo hili lapaswa kupata maamuzi makali kuliko la pili. Matoleo mawili ya skizofrenia yakipata maamuzi sawa, na yote mawili yakawa duni kuliko ya presha, lawama si maelezo ya kutosha na itabidi kuangalia kwingine.

Baada ya kusoma, mhudumu anaulizwa angefanya nini. Angeagiza kipimo cha makohozi leo? Angemuuliza maswali mgonjwa mwenyewe au aliyemsindikiza? Kama ni kifua kikuu, anaona kuna uwezekano gani wa mgonjwa kumaliza dozi ya miezi sita? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee. Mwaka 2014, Corrigan na wenzake waliwapa watoa huduma nchini Marekani kisa cha mgonjwa mwenye skizofrenia aliyekuja na maumivu ya mgongo. Waliokuwa na unyanyapaa zaidi waliamini zaidi kwamba mgonjwa hatafuata matibabu, na imani hiyo iliendana na kutompeleka kwa mtaalamu wala kumwandikia tena dawa. Njia ya unyanyapaa ilipitia utabiri unaoonekana wa busara: huyu hatamaliza dawa, ya nini kumsumbua?

Mpango huu una gharama ambayo sura inapaswa kuikiri. Ili kuona tofauti ya wastani kati ya makundi mawili kwa uhakika unaokubalika, hesabu za kawaida za takwimu zinadai watu wapatao 64 katika kila kundi. Makundi matatu ni karibu watu 190, na hospitali moja ya wilaya haitawatoa. Mwanafunzi ana njia mbili: kwenda hospitali kadhaa, au kuacha toleo la bangi na kukubali kwamba swali la lawama litajibiwa kwa udhaifu. Kinachoharibu tasnifu ni kubaki na matoleo matatu na watu 60, kisha kuandika kwamba hakuna tofauti iliyoonekana.

Kukutana si kuzoeana

Swali la tatu linatokana na kitendawili. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba chuki kati ya makundi hupungua watu wakikutana. Kama kukutana kungetosha, wahudumu wa afya wangekuwa watu wa mwisho kunyanyapaa, maana ni wachache wanaokutana na wagonjwa wa akili kuliko wao. Lakini Allport aliweka masharti: watu wawe na hadhi sawa katika mkutano huo, wawe na lengo moja, washirikiane, na wenye mamlaka waunge mkono. Mapokezi ya dharura usiku, mgonjwa akiwa amefungwa kamba na ndugu zake, hayana hata sharti moja kati ya hayo.

Kuna jambo jingine, ambalo Patricia Cohen na Jacob Cohen walilieleza mwaka 1984. Mtoa huduma huwaona zaidi wale ambao ugonjwa wao unarudi au hauishi. Aliyepata nafuu akarudi dukani kwake au shambani haonekani wodini, au hupita dakika tano dirishani kuchukua dawa. Baada ya miaka kumi ya kazi, muuguzi anaamini kwa uzoefu wake mwenyewe kwamba hawa hawaponi. Hadanganyi, ila ameonyeshwa sehemu moja tu ya wagonjwa.

Kwa hiyo swali la miaka ya kazi, linalopatikana kwenye karibu kila hojaji, halimsaidii mtafiti huyu. Anapaswa kuuliza uzoefu wa namna gani: je, umewahi kumhudumia mtu mwenye saikosisi akiwa ametulia? Unamfahamu yeyote aliyerudi kazini? Yupo katika familia yako? Nadharia inatabiri kwamba majibu haya yataeleza maamuzi kuliko idadi ya miaka. Utabiri huo unaweza kushindwa, na ndiyo sababu unafaa kuandikwa kabla data hazijakusanywa.

Si kila woga ni unyanyapaa

Muuguzi aliyewahi kupigwa kibao na mgonjwa, akiwa peke yake zamu ya usiku na wodi imejaa, ana haki ya kuogopa. Mtafiti akimhesabu kuwa mnyanyapaa kwa sababu amejibu kwamba anahisi hofu, amemdhulumu na ameharibu data yake. Tofauti inaonekana hofu inapoelekezwa. Anayemwogopa mgonjwa aliyechachamaa usiku huu anatathmini hatari. Anayemwogopa mgonjwa mtulivu aliyekuja kwa kikohozi, kwa sababu tu faili limeandikwa skizofrenia, ametumia jina mahali pa tathmini. Ndiyo maana mgonjwa wa kisa chetu anapaswa kuandikwa waziwazi kuwa ametulia na anajieleza vizuri.

Uhaba nao unaweza kufanana na unyanyapaa. Katika faili za kliniki ya afya ya akili, safu ya presha na uzito inaweza kuwa tupu miezi na miezi, ingawa baadhi ya dawa za saikosisi huongeza uzito na sukari na kipimo kinahitajika kweli. Je, ni ubaguzi au mashine haipo? Jibu linapatikana kwa kulinganisha na faili za wagonjwa wa kisukari wa hospitali hiyohiyo, miezi hiyohiyo. Kama za kisukari zimejazwa na za akili ziko tupu, mashine ipo, imewekwa mahali pengine. Huo ni unyanyapaa uliojengwa ndani ya mpangilio wa hospitali, na unaweza kuendelea hata kama kila muuguzi pale ana moyo mwema. Upekuzi wa faili una faida nyingine kubwa: faili halijui kwamba linafanyiwa utafiti, kwa hiyo halijipendekezi. Unahitaji kibali cha maadili na ulinzi mkali wa majina ya wagonjwa, na sura inapaswa kusema utafanywaje.

Kuikagua sura

Kuna namna rahisi ya kujua kama sura imeshikamana. Chukua kila swali la utafiti na ulifuatilie: linatokana na dhana gani ya nadharia, litajibiwa na kipengele gani cha kisa, hojaji au faili, na ni jibu lipi lingeonyesha kwamba nadharia imekosea. Dhana isiyo na swali iondolewe, hata kama ni ya mtu mashuhuri. Swali lisilo na dhana lilikuja kwa mazoea. Na kama hakuna jibu lolote linaloweza kuipinga nadharia, bado hakuna utafiti.

Kazi hii inaamua pia kitakachofanyika baada ya tasnifu kufungwa. Ikiwa tofauti katika maamuzi inatokana na lawama, semina kuhusu vyanzo vya saikosisi inaweza kusaidia. Ikiwa inatokana na kukata tamaa, semina hiyohiyo inaweza kudhuru, na kinachohitajika ni wahudumu kukutana na watu waliopata nafuu, wakiwa wamekaa nao kama walimu wenzao. Ikiwa inatokana na mpangilio, dawa yake ni mashine ya presha kuwekwa kwenye chumba cha kliniki ya akili, na agizo la Mganga Mkuu wa Wilaya kwamba kila mgonjwa anayelalamikia mwili wake apimwe mwili. Hospitali isiyo na fedha za kufanya yote matatu inahitaji kujua ianze na lipi, na tasnifu iliyouliza mtazamo tu haitakuwa na la kuishauri.